Zaka Moja, Hesabu Mbili

Katika chumba tunachopanga Changanyikeni, neno zaka lina maana mbili, na zote ni sahihi. Mwenzangu ni Mlutheri wa Moshi. Akisema zaka anamaanisha fungu la kumi: shilingi 10 katika kila shilingi 100 zinazoingia. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nikisema zaka namaanisha moja ya arobaini ya mali iliyokaa mwaka mzima bila kushuka chini ya kiwango fulani. Yeye anahesabu kinachopita mlangoni, mimi nahesabu kilichobaki ndani. Tulikaa muhula mzima tukitumia neno moja kabla hatujagundua kwamba hatuzungumzi jambo moja.

Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu kijana anayesoma shahada ya uzamili huku akiokota vibarua vya utafiti huombwa pesa kutoka pande nyingi, na maombi yote huja na sauti ya dini. Kuna kadi ya harusi ya mtu mliyesoma naye kidato cha tano. Kuna msiba kwenye kundi la wasapu, jina lako likisubiriwa kwenye orodha. Kuna msikiti unaoezekwa na mtoto anayehitaji upasuaji. Ukiyaweka yote kwenye kapu moja liitwalo "kutoa", mwisho wa mwezi utakuwa umetoa kuliko uwezo wako na bado utahisi hujatoa. Hali hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini zinatokana na jambo moja: hujui ni kipi kilikuwa deni, kipi kilikuwa hiari, na kipi kilikuwa ujirani tu.

Nianze na deni langu, yaani zaka ya pesa taslimu. Lina masharti matatu ya kihesabu. La kwanza ni nisabu, kiwango ambacho chini yake hudaiwi kitu. Kwa dhahabu nisabu ni gramu 85 hivi, na kwa madini ya fedha ni gramu 595 hivi. Zamani vipimo hivyo viwili vilikaribiana kwa thamani. Leo vimeachana mno. Tuchukue bei za mfano: gramu ya dhahabu shilingi 250,000 na gramu ya fedha shilingi 3,000. Kwa dhahabu nisabu ni shilingi 21,250,000. Kwa fedha ni shilingi 1,785,000. Mwanafunzi mwenye akiba ya milioni mbili na nusu hadaiwi kwa kipimo cha kwanza, anadaiwa kwa cha pili. Wapo wanazuoni wanaochagua dhahabu kwa hoja kwamba ndiyo iliyotunza thamani yake, na wapo wanaochagua fedha kwa kuwa inawafaidi maskini zaidi. Ustadhi wa darsa letu anafuata fedha, nami nikamfuata. Ninachopendekeza ni kuchagua kipimo kimoja na kukaa nacho. Anayehama kila mwaka kwenda kwenye kipimo kinachompendelea anajua mwenyewe anachofanya.

Sharti la pili ni hauli, yaani mwaka mmoja wa mwandamo. Unaanza siku ambayo akiba yako imefika nisabu kwa mara ya kwanza, si lazima Ramadhani. Yangu ilifika mwezi wa Shaabani, kwa hiyo Shaabani ndiyo siku yangu ya hesabu. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, hivyo kwenye kalenda ya ukutani tarehe hiyo husogea nyuma kila mwaka. Anayetaka kuifunga kwenye kalenda ya kawaida, tuseme kila tarehe 1 Machi, anaongeza kidogo kiwango ili kufidia siku hizo: badala ya asilimia 2.5 analipa asilimia 2.577 hivi.

Na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaelezwi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wa pwani, akiba inatakiwa ibaki juu ya nisabu mwaka mzima. Ukilipa ada mwezi wa Oktoba na salio likashuka chini ya kiwango, hauli imekatika. Itaanza upya siku utakayofika tena. Wahanafi wao huangalia zaidi mwanzo na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo yupo mwanafunzi anayejilipia ada mwenyewe, anayejilaumu kila Ramadhani kwamba hajatoa zaka ya mali, ilhali kwa hesabu hadaiwi hata senti. Anachodaiwa ni zaka ya fitri tu, kilo mbili na nusu au tatu hivi za mchele kwa kila mtu, kama anacho cha ziada usiku na siku ya Idi. Huenda yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaostahiki kupewa.

Sharti la tatu ni kiwango chenyewe, moja ya arobaini, yaani asilimia 2.5. Ada yangu inalipwa na ufadhili, kwa hiyo akiba yangu haikatwi katikati ya mwaka. Shaabani iliyopita nilikuwa na shilingi 1,900,000 benki, 160,000 kwenye simu, 40,000 mkobani, na 300,000 nilizomkopesha rafiki ambaye najua atanilipa. Deni la namna hiyo linahesabiwa, kwa sababu bado ni mali yangu iliyo mkononi mwa mtu mwingine. Jumla 2,400,000. Gawanya kwa 40: shilingi 60,000. Kwa mwezi ni shilingi 5,000.

Mwenzangu alipoiona namba hiyo alicheka. "Kumbe ndiyo hiyo tu unayohangaika nayo?" Yeye mwezi huohuo alikuwa amepeleka 70,000 kanisani. Lakini namba ndogo ile ilinifundisha jambo kuhusu miezi yangu iliyopita. Katika taarifa ya simu ya miezi mitatu, michango ya harusi, kichenipati na misiba ilikuwa imechukua wastani wa shilingi 70,000 kwa mwezi. Deni langu kwa Mungu lilikuwa 5,000. Kilichokuwa kinanimaliza hakikuwa dini.

Hesabu ya mwenzangu ina tabia nyingine. Fungu la kumi halina nisabu wala hauli. Asili yake husomwa kwa Abramu aliyempa Melkizedeki sehemu ya kumi, kisha katika sheria ya Walawi na kwa nabii Malaki, na kote huko kinachokatwa ni kile kilichoingia. Kwa hiyo mwezi mwembamba nao una zaka yake, ila inapungua pamoja na mwezi. Huo ndio wepesi wake: hakuna kutafuta bei ya fedha wala kukumbuka Shaabani. Ugumu wake uko kwenye swali moja, nalo ni kumi ya nini.

Yeye ni mwalimu aliyepewa ruhusa ya masomo. Mshahara wake kabla ya makato ni 900,000; zinazofika benki ni 700,000. Kwa hesabu ya kwanza zaka ni 90,000, kwa ya pili 70,000, na tofauti ya 20,000 ni nauli yake ya karibu wiki mbili. Wachungaji hawana jibu moja. Alilifikiria kwa namna ambayo mimi niliiona ya haki. Kodi hataiona tena, kwa hiyo si pato lake. Makato ya pensheni atayaona siku atakapostaafu, na siku hiyo ndiyo atakayoyatolea zaka. Makato ya bodi ya mikopo ni pesa za bumu alizokula akiwa shahada ya kwanza, na bumu lile alilitolea zaka wakati ule. Akikitolea zaka tena kinachokwenda kulilipa, atakuwa amelitolea mara mbili. Kwa hiyo anakokotoa kwenye kinachofika benki, na anafanya hivyo siku mshahara unapoingia, kabla ya kodi ya nyumba. Anasema zaka inayosubiri mwisho wa mwezi huwa ni zaka ya mabaki.

Shida yake haikuwa zaka hata kidogo, ilikuwa ahadi. Kanisani kwake kuna bahasha ya ahadi ambayo unaandika mwanzoni mwa mwaka kiasi utakachotoa, na kuna michango ya ujenzi. Zaka inapungua mwezi ukipungua. Ahadi haipungui, kwa sababu ni namba iliyoandikwa Januari na mtu mwenye matumaini ya Januari. Mwaka huu aliandika ahadi kwa kuangalia mwezi wake mbaya zaidi wa mwaka uliopita, wala si wastani. Kikizidi, ataongeza mwenyewe bila kuambiwa.

Nirudi kwenye yangu. Zaka inadaiwa siku moja kwa mwaka, lakini bajeti ni ya mwezi. Je, inawezekana kuilipa kidogokidogo? Jibu linategemea unaelekea upande gani wa siku ile. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa Shafi, wanaruhusu kuitanguliza: ukishamiliki nisabu unaweza kuanza kulipa zaka ya mwaka huu kabla haujakamilika. Wamaliki wanabana zaidi. Lakini siku ikishafika, kuikatakata ili uimalize polepole miezi inayofuata ni kuichelewesha, na kuchelewesha haki ya mtu bila udhuru hakuruhusiwi. Kwa hiyo mafungu ya kila mwezi yanakaa kabla ya siku ya hesabu, hayakai baada yake. Kutanguliza kuna sharti pia: mwaka utakapotimia, wewe bado uwe unadaiwa na uliyempa bado awe anastahiki. Akiwa ametajirika kwa njia nyingine kabla ya siku hiyo, ulichompa hakihesabiki kuwa zaka.

Mpango wangu wa mwaka huu ulianza na makisio. Naweka akiba 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo Shaabani ijayo ningetarajia kama 3,840,000. Moja ya arobaini ni 96,000, sawa na 8,000 kwa mwezi. Pato langu ni 750,000. Juu kabisa ya orodha, kabla hata ya chakula changu, ipo 80,000 ya mama. Hii siiiti zaka wala sadaka. Mzazi asiyejiweza ni wajibu wa matumizi kwa mtoto mwenye uwezo, na kwa sababu hiyohiyo haifai kumpa zaka yako: utakuwa unalipa deni moja kwa deni jingine. Kisha 8,000 ya zaka, 30,000 ya sadaka, na 40,000 ya michango. Ukijumlisha ni 158,000, zaidi kidogo ya moja ya tano ya pato. Nilipoiona jumla hiyo imeandikwa mahali pamoja, ile hisia ya kwamba sitoi kitu haikupata pa kusimama.

Mstari wa michango uliniwia mgumu zaidi kuuandika, kwa sababu ulinilazimu kukiri mchango ni kitu gani. Mchango wa harusi ni mkopo wa ujirani. Wanakuandika, nawe utawaandika. Hauna ubaya wowote, ila hauna haki ya kujificha nyuma ya sadaka. Ukishautenga, kanuni zake zinakuwa wazi: kwa mwezi 40,000, msiba kwanza, harusi baadaye, na mfuko ukiisha jibu ni "hongereni sana, mwezi huu sitaweza". Sijawahi kumwambia mtu hivyo kuhusu msiba, na sitarajii. Ukitokea msiba mfuko ukiwa tupu, nauli ya msibani inatoka kwenye mengineyo, kisha mwezi unaofuata hakuna harusi.

Sadaka nayo nimeiwekea kikomo cha 30,000, na hapo ndipo wenzangu wa darsa waliponiuliza kama inafaa kumwekea Mungu kikomo. Sura ya Israi, aya ya 29, inakataza vitu viwili kwa pamoja: kuufunga mkono shingoni, na kuukunjua wote mpaka ukabaki unalaumiwa na huna kitu. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua akataka kutoa mali yake yote, Mtume alimkatalia, akakataa pia nusu, akafikia theluthi, na hata hiyo akaiita nyingi. Yule alikuwa mtu mwenye mali nyingi na mrithi mmoja wa karibu. Mwanafunzi wa chumba cha kupanga hawezi kujidai kumzidi kwa ukarimu.

Mpango ulipimwa mwezi wa nne. Shangazi yangu wa Tanga ni mjane, anauza vitumbua asubuhi, na mguu ulikuwa umemvimba asiweze kusimama jikoni. Alipiga simu jioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko salama? Mie hapa naona nikupe taarifa tu. Wamesema nifanye vipimo na dawa, kama elfu sitini. Usijisumbue, najua unasoma."

Maneno hayo, usijisumbue, ndiyo ghali kuliko yote. Zamani ningetuma 20,000 kwa haya, kisha nikae na simu mkononi nikijiona mnyimi. Safari hii nilifungua daftari. Mfuko wa sadaka ulikuwa na 10,000 tu. Lakini shangazi si mama: si wajibu wangu wa matumizi, yeye ni masikini kwa kipimo chochote, na mafundisho yanasema kumpa jamaa kuna malipo mawili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Anastahiki zaka. Nami naruhusiwa kutanguliza. Kwenye fungu la zaka kulikuwa na miezi minne ya 8,000, yaani 32,000. Nikachukua 28,000 kwenye akiba yangu, nikanuia zaka, nikatuma 60,000, na ada ya kutolea nikaiongeza kwenye sadaka ili zifike kamili mkononi mwake. Sikumwambia ni zaka. Si sharti kumwambia anayepokea, na wako watu ambao neno hilo lingewafanya warudishe.

Miezi minane iliyobaki ilizaa 64,000: 28,000 zikarudi kwenye akiba, 36,000 zikasubiri Shaabani. Siku ya hesabu akiba ilikuwa chini ya makisio, kwa sababu kompyuta iliharibika: jumla 3,480,000. Moja ya arobaini, 87,000. Nilishatoa 60,000, zikabaki 27,000, nikazitoa siku ileile kwa mama mmoja wa mtaani kwetu mwenye watoto wanne. Zile 9,000 zilizozidi zilikuwa bado zangu. Pesa iliyotengwa ni yako mpaka imfikie mwenyewe, kwa hiyo inahesabiwa kwenye salio, na isipohitajika unaweza kuifanyia utakalo. Niliihamishia kwenye sadaka.

Rafiki niliyemkopesha 300,000 alipata habari za hesabu hizi, akaja na pendekezo la haki kabisa kwa sauti: mambo yake yamekwama, kwa nini nisimsamehe sehemu ya deni iwe ndiyo zaka yangu? Nilimpelekea ustadhi swali hilo. Jibu la wengi, na ndilo la Shafi, ni hapana, kwa sababu zaka ni kutoa na kukabidhi, na kusamehe si kukabidhi. Isitoshe, deni lisilotarajiwa kulipwa ni rahisi mno kuligeuza zaka. Unajilipa kwa kitu ulichokwisha kukipoteza. Kama kweli hana, nampa zaka mkononi bila sharti, na akipenda mwenyewe kunilipa nayo ni hiari yake. Nilimsamehe 100,000 bila kuiita zaka. Hiyo ilikuwa sadaka ya miezi mitatu na ushei, na niliiandika hivyo, kwa hiyo miezi mitatu iliyofuata ombaomba wa kituo cha daladala walipata sarafu tu.

Mwenzangu anasema daftari langu ni la kihasibu kupita kiasi, kwamba mtoaji mchangamfu hahesabu. Huenda. Lakini naye ana karatasi yake iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati: zaka 70,000, ahadi 10,000, nyumbani 60,000, michango 30,000. Wiki iliyopita tuliletewa kadi ya harusi ya mtu tunayemjua wote wawili. Aliitazama karatasi yake, mimi nikatazama daftari langu. Yeye alikuwa amebakiwa na 15,000, mimi 20,000. Tukaziunganisha zikawa 35,000, tukatuma kwa jina la chumba.